Mkataba wa ubia wa kampuni mbili kwa mradi mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu kampuni mbili zinazoungana kutekeleza mradi mmoja tu, kisha kila moja inarudi kwenye shughuli zake. Tumechagua mradi wa ujenzi, ambako ubia wa namna hii hutumika sana, na majibu yote yanafuata mfano mmoja. Kampuni A ni ya kazi za zege na udongo. Kampuni B ni ya mitambo na umeme. Wanajenga mtambo wa kusafisha maji kwa bei ya milioni 1,000, kwa miezi 20. Gharama yote wameikadiria kuwa milioni 920, kwa hiyo wanatarajia faida ya milioni 80. Mgawo wao ni asilimia 60 kwa A na 40 kwa B. Sarafu hatukuitaja kwa kuwa hesabu haibadiliki.

Je, ni lazima tusajili kampuni mpya ya ubia?

Si lazima. Kwa mradi mmoja wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, mkataba kati ya kampuni mbili unatosha mara nyingi. Kampuni mpya haina uzoefu wa kuonyesha kwenye zabuni wala mizania, kwa hiyo mteja ataomba kampuni mama ziiwekee dhamana, na ile kinga dhidi ya madeni mliyoitafuta inakuwa imeondoka. Baada ya kazi mtabaki pia na shughuli ya kuifunga. Kusajili kuna maana pale mradi unapokopa kwa jina lake, unapomiliki mali, au utakapoendeshwa kwa miaka mingi baada ya kujengwa.

Mkichagua mkataba, andikeni wazi kwamba ubia ni wa mradi huu pekee na kwamba hakuna mbia anayeweza kumfunga mwenzake kwa jambo lililo nje ya mradi. Maneno hayo peke yake hayatoshi kama mwenendo wenu unasema vingine. Mkianza kununua magari kwa jina la pamoja na kuchukua kazi ndogondogo pembeni, mahakama inaweza kuwaona washirika wa kawaida wa biashara.

Tuweke kila kitu kapu moja, au kila mmoja afanye kipande chake?

Hili liamueni kabla ya mengine yote, kwa sababu vipengele vingi vya mkataba hubadilika kulingana na jibu. Katika ubia wa kapu moja, mapato yote yanaingia akaunti moja, gharama zote zinatoka humo, na kinachobaki kinagawanywa kwa asilimia. Katika ubia wa kugawana kazi, A anajenga matangi kwa bei yake, B anafunga pampu kwa bei yake, na kila mmoja anakula faida au hasara ya kipande chake.

Ugawaji wa kazi unaonekana rahisi, lakini ugomvi wake uko mpakani. Msingi wa pampu ukimwagwa sentimita 3 nje ya mahali pake, nani analipa kuuvunja? A atasema alifuata mchoro aliopewa na B, naye B atasema mchoro ulisahihishwa wiki mbili kabla ya kumwaga zege. Mkiamua kugawana kazi, ambatanisheni jedwali la mipaka linaloonyesha kila kiunganishi, nani anatoa vipimo, tarehe ya mwisho ya kuvitoa, na nani anavikagua kabla kazi haijafunikwa. Majibu yanayofuata yanahusu kapu moja.

Kinachotutia hofu zaidi ni mchanganyiko usiosemwa: asilimia zimeandikwa 60 kwa 40, lakini mezani kila mmoja anaamini "kazi yangu ni yangu". Ubia wa hivyo unakwenda vizuri hadi siku ya hasara ya kwanza.

Mkataba usainiwe kabla ya zabuni au baada ya kushinda?

Kabla. Nyaraka nyingi za zabuni hudai mkataba wa ubia au barua ya kusudio, na wengi huweka barua ya kurasa mbili wakitumaini kumalizia baadaye. Baada ya kushinda, aliyetoa dhamana ya zabuni ndiye aliyebanwa: mkataba wa mteja usiposainiwa, dhamana yake inatwaliwa. Mwenzake akijua hilo, anaweza kuomba asilimia zaidi wiki ya mwisho.

Kama muda wa zabuni ni mfupi, sainini angalau mambo manne yenye nguvu ya kisheria: asilimia, kikomo cha michango, nani kiongozi, na nani anabeba gharama za zabuni. Ongezeni kwamba zabuni ikikosa, ubia unakufa wenyewe siku dhamana ya zabuni inaporudishwa.

Tutahitaji kuchangia fedha kiasi gani? Si mteja anatoa malipo ya awali?

Hapa ndipo mikataba mingi inapokosea, kwa hiyo tuifanye hesabu yote.

Chukua masharti yanayofanana na yale ya mkataba wa ujenzi wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, wa mwaka 1999. Malipo ya awali ni asilimia 10, yaani milioni 100. Mteja anazuia asilimia 10 ya kila hati ya malipo hadi jumla ya zuio ifike asilimia 5 ya mkataba, yaani milioni 50. Malipo ya awali anaanza kuyarudisha kazi iliyothibitishwa ikizidi asilimia 10 ya mkataba, kwa kukata robo ya kila hati. Fedha zinafika siku 56 baada ya mhandisi msimamizi kupokea hati, kwa hiyo kazi ya mwezi wa kwanza inalipwa mwishoni mwa mwezi wa tatu.

Wabia wanatumia milioni 60 kuandaa eneo la kazi na kuhamisha mitambo, kisha milioni 43 kila mwezi. Kazi wanayoifanya kila mwezi ina thamani ya milioni 50. Malipo ya awali yakiingia mapema, baada ya maandalizi wanabaki na milioni 40, na mwezi wa kwanza wanamaliza wakidaiwa milioni 3 tu. Mwezi wa tatu, kabla hati ya kwanza haijalipwa, shimo ni milioni 89. Hapo wengi wanadhani wamefika chini kabisa, na kikomo cha michango wanakiweka karibu na milioni 90.

Lakini kuanzia hati ya tatu, kila milioni 50 ya kazi inaleta milioni 32.5 tu, kwa sababu 5 zimezuiwa na 12.5 zimerudisha malipo ya awali. Matumizi yamebaki 43, kwa hiyo kila mwezi shimo linachimbika kwa milioni 10.5 zaidi. Hali hiyo inadumu hati nane. Mwezi wa 13, siku chache kabla ya malipo kuingia, ubia unahitaji milioni 169. Kuanzia hapo makato yote mawili yamekwisha, na shimo linaanza kufukika kwa milioni 7 kwa mwezi.

Wabia hawa hawajafanya kosa lolote. Kazi inakwenda kwa ratiba na faida ipo, ila fedha hazipo. Mteja akichelewesha malipo kwa mwezi mmoja tu, shimo linafika milioni 212, na kikomo cha michango tungekiweka hapo: milioni 127.2 kwa A na 84.8 kwa B. Kabla ya kusaini, kila mbia aonyeshe barua ya benki au hesabu zilizokaguliwa zinazothibitisha kwamba anaweza kufika kikomo chake. Mbia asiyeweza kuonyesha milioni 84.8 asipewe asilimia 40.

Mwito wa fedha uandikweje?

Ratiba ya mtiririko wa fedha iambatanishwe kwenye mkataba na isahihishwe kila mwezi. Meneja wa mradi atoe mwito kwa maandishi akitaja kiasi, sehemu ya kila mbia, akaunti na tarehe. Siku 14 zinatosha kwa mwito uliokuwa kwenye ratiba, na siku 21 kwa ule ambao haukuwamo. Mwito ulio ndani ya kikomo haupigiwi kura. Unaopita kikomo unahitaji ridhaa ya wote wawili.

Wekeni sharti kwamba mbia halipi pungufu kwa hoja ya kwamba anadai ubia. Kama B anadai kukodisha kreni, madai hayo yafuate njia yake. Akiruhusiwa kuyakata kwenye mchango, kila mwito utageuka mjadala wa hesabu na mishahara itangoja.

Mitambo, wafanyakazi na jina la kampuni vinahesabiwa kuwa mchango?

Vinaweza, lakini ushauri wetu ni kutovihesabu kama mtaji. Mbia akileta mtambo, ubia umkodi kwa bei iliyopangwa kabla ya zabuni, na kodi hiyo iwe gharama ya mradi kama gharama nyingine. Michango ya mtaji ibaki fedha taslimu. Hapo hakuna anayebishana baadaye kama buldoza la miaka kumi lina thamani ya milioni 15 au 25.

Jedwali la kodi litaje bei ya saa ya kazi, bei ya kusubiri ambayo kwa kawaida huwa chini sana, nani analipa mafuta na dereva, nani analipa matengenezo makubwa, na siku ambayo kodi inakoma. Hilo la mwisho husahaulika, na mtambo ulioharibika unaendelea kulipwa miezi mitatu ukiwa chini ya mti.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Tuseme A anakodisha mitambo yake kwa milioni 10 zaidi ya bei ya haki. Milioni 10 zote zinaingia kwake. Gharama hiyo inapunguza faida ya ubia, lakini A anaibeba kwa asilimia 60 tu, yaani milioni 6. Milioni 4 zilizobaki zimetoka mfukoni kwa B. Kadiri asilimia ya mbia inavyokuwa ndogo, ndivyo anavyovutwa zaidi kupata faida kupitia kodi na mishahara badala ya mgawo. Kwa hiyo bei yoyote iliyo nje ya jedwali iidhinishwe na mbia asiyenufaika, peke yake.

Wafanyakazi waletwe kwa bei ya mwezi inayojumuisha mshahara, makato ya kisheria, likizo na malazi, bila faida juu yake. Jina na uzoefu tayari vimelipwa kwenye asilimia. Kama kiongozi anataka ada ya uongozi, itajwe kama asilimia ya mapato yaliyopokelewa na iwe na kikomo.

Mbia mmoja asipolipa mwito, nini kifanyike?

Mfuatano uwe na hatua, na hatua ya kwanza ilinde mradi. Tuseme hadi mwezi wa nane A amechangia milioni 72 na B milioni 48. Unakuja mwito wa milioni 50: A alipe 30, B alipe 20. B hakulipa.

A apewe notisi na siku 7 za kulipa pengo yeye mwenyewe. Milioni 20 anazoziba zihesabiwe kuwa mkopo kwa B wenye riba iliyotajwa, unaorudishwa kutoka kwenye fedha ya kwanza ambayo B angepokea katika ubia. Wakati deni likiwa bichi, B asipige kura kwenye kamati, ila ahudhurie na apewe taarifa zote. Kumficha taarifa kunampa hoja ya kujitetea baadaye.

Siku 30 zikipita bila kulipa, A awe na hiari ya kugeuza mkopo huo kuwa mchango wake. Sasa A ana 122 na B ana 48 kati ya 170, na mgawo wa faida unakuwa asilimia 71.8 kwa 28.2. Asilimia za hasara zisiguswe: B abaki na 40. Mkipunguza zote, mbia anayeona mradi unaelekea hasara atakuwa na sababu nzuri ya kuacha kulipa, kwa kuwa kila mwito anaoukataa unampunguzia mzigo.

Kuna mikataba inayosema aliyekosa mwito mmoja anapoteza asilimia zake zote. Sheria katika nchi nyingi hukataa adhabu isiyolingana na hasara iliyopatikana, na kipengele kikali mno kinaweza kuanguka kizima, kikamwacha A bila kitu. Kupunguza asilimia kwa hesabu ya michango halisi ni rahisi kukitetea.

Mwenye asilimia 60 ndiye mwenye uamuzi?

Kwa mambo ya kila siku, ndiyo. Kwa mambo machache yanayoweza kuhamisha fedha kutoka kwa mbia mmoja kwenda kwa mwingine, hapana.

Mpangilio unaofanya kazi una ngazi mbili. Meneja wa mradi anaendesha eneo la kazi ndani ya bajeti iliyopitishwa, na mkataba unataja kiasi anachoweza kusaini peke yake. Kwa mradi wa ukubwa huu, milioni 2 kwa ununuzi mmoja ni kikomo cha kiasi. Juu yake kuna kamati ya ubia yenye wajumbe wawili kutoka kila upande, inayokutana kila mwezi na kupiga kura kwa asilimia.

Kwa kuwa kura ya A pekee inatosha kwa wingi, B analindwa na orodha ya mambo yanayohitaji ridhaa ya wote. Orodha hiyo iwe fupi. Tungeweka bajeti ya mwanzo na mabadiliko yake yanayozidi asilimia 5, mwito unaopita kikomo, mkopo au dhamana mpya, biashara yoyote kati ya ubia na mbia, kumaliza dai na mteja, kufungua au kumaliza kesi, na kugawa faida kabla ya makabidhiano. Orodha ikifika mambo ishirini na tano, kura ya 60 haina maana tena na meneja atakuwa akiomba ruhusa ya kununua nondo.

Muwe waangalifu na dai dhidi ya mteja. A anaweza kuwa na miradi mingine kwa mteja huyohuyo na akapenda kusamehe dai la milioni 30 ili kuweka uhusiano mzuri. Msamaha huo unamgharimu B milioni 12, naye hapati chochote.

Tukishindwa kukubaliana kabisa?

Kazi isisimame. Fidia ya ucheleweshaji inahesabiwa kwa siku, na mteja hajali nani alikuwa sahihi. Mkataba useme kwamba mkwamo ukitokea, mbia kiongozi atoe maelekezo ya muda yanayotosha tu kutimiza mkataba wa mteja. Baadaye ikionekana alikosea, linalorekebishwa ni fedha kati ya wabia, na kazi iliyofanyika inabaki ilivyo.

Sambamba na hilo, suala lipande ngazi kwa tarehe. Wakuu wa kampuni mbili wakutane ndani ya siku 7. Wakishindwa, jambo la kiufundi au la hesabu liende kwa mtaalamu huru aliyetajwa kwenye mkataba, atoe uamuzi ndani ya siku 21. Lililobaki liende kwa msuluhishi. Jina la mtaalamu, au chombo kitakachomteua, liandikwe siku ya kusaini. Watu waliokwisha kugombana hawakubaliani hata jina la mpatanishi wao.

Maelekezo ya muda yasitumike kwenye jambo ambalo kiongozi mwenyewe ananufaika nalo, kama kodi ya mitambo yake.

Akaunti ya benki iwe ya nani?

Iwe akaunti maalumu ya mradi, yenye saini moja kutoka kila upande, na mteja aagizwe kwa barua iliyosainiwa na wote kulipa humo tu. Kutumia akaunti ya kawaida ya kiongozi kunaokoa wiki moja mwanzoni, lakini kiongozi akifilisika, fedha za mradi zimechanganyika na zake na wadai wake watazishika. B atajikuta kwenye foleni ya wadai kwa ajili ya fedha zake mwenyewe.

Saini mbili zina udhaifu wake: upande mmoja unaweza kukataa kusaini ili kushinikiza jambo lingine. Dawa ni sharti kwamba malipo yaliyomo kwenye bajeti na yenye hati kamili yasainiwe ndani ya siku 3 za kazi, na kila upande uwe na mwekasaini mbadala.

Faida igawanywe lini?

Baadaye kuliko mnavyotaka. Turudi kwenye mfano wetu. Mwezi wa 20 kazi imekwisha, na hesabu za uhasibu zinaonyesha faida ya milioni 80, lakini akaunti bado ina pengo la milioni 70 lililojazwa na michango ya wabia. Hati mbili za mwisho zikilipwa, michango yote inarudi na ziada ni milioni 30. Nusu ya zuio ikitolewa baada ya makabidhiano, ziada ni 55. Zile 25 za mwisho zinakuja kipindi cha matazamio ya kasoro kikiisha, zikiwa zimeliwa na ukarabati wowote wa kasoro.

Kwa hiyo mfuatano wa malipo uwe hivi: kwanza madeni ya mradi kwa watu wa nje, pili mikopo ya mbia aliyeziba pengo, tatu michango, nne akiba ya kasoro na madai, na faida mwisho. Kila malipo ya faida yawe ya muda, yaani mbia akubali kurudisha sehemu yake ikiwa hesabu ya mwisho itaonyesha pungufu.

Hasara kwa kawaida hufuata asilimia zilezile. Ila hasara iliyoletwa na uzembe mkubwa au udanganyifu wa mbia mmoja ibebwe naye peke yake. Kosa la kawaida la kazi libaki la wote. Ubia wa kapu moja hauwezi kuishi kama kila ufa wa zege unatafutiwa mwenye hatia.

Je, mteja anaweza kumdai mmoja wetu deni lote?

Ndiyo. Mikataba ya ujenzi karibu yote huwafanya wabia wawajibike kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Kwa FIDIC ya 1999 ni kifungu cha 1.14. Mteja hazijui zile 60 na 40. B akitoweka, A atamaliza pampu hata kama hajawahi kufunga moja.

Mkataba wa ubia hauwezi kuufuta wajibu huo. Unachoweza ni kuweka haki ya kurudishiana: aliyelipa zaidi ya asilimia yake anadai ziada kwa mwenzake. Haki hiyo ina thamani tu kama mwenzako bado ana kitu, na ndiyo sababu dhamana zinahitaji uangalifu. Dhamana ya utendaji ya asilimia 10 ni milioni 100. Benki ya A ikiitoa yote, A amebeba pia milioni 40 za B. B ampe A dhamana ya benki ya milioni 40, inayolipwa pindi dhamana kuu inapoitwa, na ada za benki ziingie gharama za mradi.

Mbia anaweza kujitoa katikati ya mradi?

Kwa hiari, hapana, na mkataba uliseme hilo bila kuzunguka. Kifungu kilekile cha 1.14 kinakataza kubadilisha wabia bila ridhaa ya mteja, na hata akiridhia, aliyetoka hubaki na wajibu wake mpaka mteja amwachilie kwa maandishi.

Kutoka kwa lazima ni jambo jingine. Sababu za kawaida ni kufilisika, kushindwa kulipa mwito kwa zaidi ya siku 60, au kampuni kununuliwa na mshindani wa mwenzake. Hapo anayebaki anaendelea na kazi, anatumia mitambo ya aliyetoka iliyoko eneo la kazi kwa bei ya jedwali, na anachukua mikataba ya wasambazaji. Hili la mwisho linahitaji maandalizi ya mapema: kila mkataba wa manunuzi usainiwe kwa jina la ubia au uruhusu kuhamishiwa kwa mbia anayebaki. Pampu zilizoagizwa kwa jina la B pekee zitaishia kwa mfilisi wake. Baadhi ya sheria za ufilisi huzuia pia kipengele kinachomtoa mtu kwa sababu tu amefilisika, kwa hiyo sababu ya kutolipa mwito iandikwe ikisimama peke yake.

Hesabu ifanyike mwisho wa mradi, si siku ya kutoka. B akitoka mwisho wa mwezi wa 13, kazi ni asilimia 65 na michango yake ni milioni 67.6. A anamaliza, na faida ya mwisho inakuwa milioni 50. Sehemu ya B ni asilimia 40 ya asilimia 65 ya hiyo 50, yaani milioni 13. Tuseme kutafuta fundi mwingine wa mitambo kumegharimu milioni 18 za ziada, ambazo A amezilipa mwenyewe na hazikuingia kwenye hesabu ya faida. B anapata 67.6 na 13, toa 18, yaani milioni 62.6. Kama ungekuwa mradi wa hasara, angebeba asilimia 40 ya hasara yote, kwani thamani ya kazi mbovu haijulikani siku ya kuondoka. Mkilipana siku ya kutoka mtategemea makadirio, na mwezi wa 13 ndio wakati ambao A hana fedha za kumlipa mtu yeyote.

Vipi kipengele cha "taja bei, nami nichague kununua au kuuza"?

Kinafaa kampuni ya kudumu. Kwa mradi mmoja tunakikataa: mteja lazima aridhie mabadiliko, na mwenye fedha nyingi atasubiri mwenzake akaukiwe, pengine mwezi wa 13, ndipo ataje bei ya chini akijua mwenzake hana fedha za kununua.

Ubia unakwisha lini hasa?

Unakwisha baada ya makabidhiano, cheti cha mwisho wa kipindi cha matazamio, na kupokelewa kwa zuio lote. Dhamana ziwe zimerudishwa benki zikiwa halisi, madai na kesi zimefungwa, kodi ya serikali imekaguliwa, na hesabu ya mwisho imesainiwa na wote. Kwa mradi wa miezi 20 wenye matazamio ya mwaka mmoja, msishangae kama saini ya mwisho inakuja mwaka wa nne. Bajeti iwe na fungu la mhasibu na mahali pa kutunza nyaraka kwa muda huo wote, na mkataba utaje nani anabaki na majalada na kwa miaka mingapi mwenzake ana haki ya kuyafungua.